Kabla Hujakata Malipo ya Mwezi: Vitabu na Filamu za Kwenye Simu Yako Ni za Nani?

Masika yakishika, Aprili na Mei, wageni hupungua Arusha. Magari ya safari hulala gereji, kambi kadhaa za mbugani hufungwa, na watu wengi wanaoishi kwa kazi ya utalii huanza kubana matumizi. Miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa ni yale malipo ya kila mwezi yanayopita kwenye kadi ya simu: ya filamu, ya muziki, ya vitabu vya kusikiliza. Wengine hata hawayakati rasmi. Wanaacha tu kadi bila salio. Baada ya siku chache mtu anafungua programu aliyoijaza vitabu mwaka mzima. Majalada anayaona, yamejipanga vilevile, lakini akiligusa moja halifunguki. Anaambiwa arudishe malipo kwanza.

Hasira inayofuata ninaielewa, maana pesa ilitoka kweli. Ila kabla ya kuamua kwamba umeibiwa, au kinyume chake kwamba "ndivyo mtandao ulivyo", kuna swali moja la kuuliza juu ya kila kitabu na kila filamu: kiliingiaje kwenye simu yako? Jina la kampuni halikupi jibu, kwa sababu kampuni moja inaweza kukupa vitabu kwa njia tatu tofauti ndani ya programu ileile, vikiwa vimepangwa kwenye rafu moja. Bei nayo haisaidii. Unaweza kulipa shilingi elfu tano na kikawa chako kabisa, na unaweza kulipa laki kwa mwaka usibaki na chochote.

Tuchukue mfano. Muongoza watalii mmoja anakaa Moshono, na anajisomea sana kwa sababu kazi yake inadai hivyo: wageni wanamuuliza habari za ndege, historia, siasa. Analipia kwa kadi ya M-Pesa Visa. Kwenye simu yake mna vitabu vya kusikiliza kumi alivyopakua kutoka Everand, huduma iliyokuwa ikijulikana kama Scribd. Kwenye Audible ana vitabu tisa alivyochukua kwa krediti, vinne alivyovipata kwenye orodha ya wanachama, na krediti mbili ambazo hajazitumia. Kwenye Kindle ana kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe, alichokilipia mara moja. Netflix amepakua filamu tatu za kutazama usiku kambini. Ana riwaya tano za Kiswahili katika PDF alizonunua moja kwa moja kwa waandishi, na kuna hadithi ya mfululizo anayoilipia kila mwezi ili abaki kwenye chaneli ya Telegram ya mtunzi. Aprili imefika, kazi hakuna, naye anataka kukata kila kinachokatika. Atabaki na nini?

Vile kumi vya Everand vinakwenda vyote. Kuvipakua hakukuvifanya vyake. Kulimwezesha tu kusikiliza bila bando kwa muda wote aliokuwa mwanachama. Filamu tatu za Netflix nazo zinaondoka akaunti ikikatwa. Hata angeendelea kulipa, filamu iliyopakuliwa Netflix ina muda wake: nyingine hufungika saa 48 baada ya kuanza kuitazama, hata kama hujaimaliza. Huduma za namna hii ni za kukodi tu, na hazijaficha kwamba ni hivyo. Ukizitumia kwa kulijua hilo hazina tatizo. Kosa ni kuzihesabu kama akiba.

Audible ndipo watu wengi wanapopoteza pesa bila sababu, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Uanachama wa Premium Plus kwa bei ya Marekani ni dola 14.95 kwa mwezi, na kila mwezi unapewa krediti moja ya kuchukulia kitabu chochote. Kitabu ulichochukua kwa krediti kinahesabiwa kuwa kimenunuliwa. Ukiacha uanachama, vile tisa vinabaki kwenye akaunti yako na unaendelea kuvisikiliza. Vile vinne vya orodha ya wanachama, inayoitwa Plus Catalog, vinafungwa. Tatizo ni kwamba programu inavipanga vyote kumi na vitatu pamoja, na baada ya miezi sita hata mwenyewe hukumbuki kipi kiliingiaje. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari na ufungue ukurasa wa Purchase History. Kitabu kilichoandikwa krediti moja au bei ni cha kununua. Ambacho hakina kimoja kati ya hivyo kihesabu ni cha kuazima.

Halafu kuna zile krediti mbili. Krediti ambayo haijatumika hupotea unapokatisha uanachama. Kwa muongozaji wetu hiyo ni karibu dola 30 zinazoyeyuka kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kubonyeza huko anakufanya mwezi ambao hana hata safari moja. Kwa hiyo chagua vitabu kwanza, tumia krediti zote, hakikisha vimeonekana kwenye Purchase History, ndipo ukatishe. Hata usipokatisha, krediti ina umri wa mwaka mmoja tangu ilipotolewa. Anayejiwekea "kwa ajili ya baadaye" huzipoteza za zamani kimyakimya.

Kuhusu kuacha kadi bila salio: usifanye hivyo ukidhani umekata. Huduma nyingi hujaribu kukata pesa tena na tena, na siku mteja anapokutumia fedha ukazihamishia kwenye kadi ili ulipie kitu kingine, mwezi mpya unaweza kukatwa kabla hujageuka. Kufuta programu kwenye simu pia si kukata. Kama ulijiunga kupitia duka la Google, fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, na ukatishe hapo. Kama ulijiunga kupitia tovuti ya huduma yenyewe, huko Play Store hutaiona kabisa. Lazima ukaikatishe kwenye tovuti. Mara nyingi utaendelea kuitumia mpaka siku ya mwisho ya mwezi uliolipia, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja dakika ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kitabu cha ndege, ambacho alikinunua mara moja kwa kubonyeza kitufe kilichoandikwa Buy. Hiki hakitegemei malipo ya mwezi, na kitabaki. Lakini kinabaki wapi? Kinabaki ndani ya akaunti, kikiwa na kufuli linalofunguliwa na programu ya muuzaji peke yake. Alichopata ni ruhusa ya kusoma, na masharti aliyoyakubali alipofungua akaunti yanasema hivyo. Mara nyingi tofauti hii haionekani, kisha siku moja inaonekana. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa pesa, na kampuni ilikiri kwamba haikufanya vizuri. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na Julai mwaka huo vitabu vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Hapo pia pesa ilirudi, ila mistari ambayo watu walikuwa wameipigia alama na maelezo waliyoyaandika pembeni vilikwenda na vitabu. Aprili 2024 huduma ya filamu za katuni za Kijapani ya Funimation ilipounganishwa na Crunchyroll, nakala za kidijitali ambazo wateja walikuwa wamezipata kwa kununua diski hazikuhamishwa.

Matukio hayo ni machache ukilinganisha na mamilioni ya vitabu vinavyouzwa kila mwaka, wala sikuambii uache kununua Kindle. Si rahisi duka kubwa lifungwe kesho. Lakini mwelekeo ni wa kufunga zaidi. Tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa uwezo wa kupakua kitabu cha Kindle kutoka kwenye tovuti kwenda kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Jimbo la California lilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, kwamba muuzaji hawezi kumwandikia mteja neno la kununua bila kumweleza wazi kwamba anachopewa ni leseni. Sheria hiyo haimfikii mtu wa Arusha, lakini inaonyesha kwamba hata huko maduka haya yanakotoka wameona wateja wanapotoshwa.

Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha chako na cha kuruhusiwa. Chukua faili la kitabu, liweke kwenye flash au litume kwa Bluetooth, kisha jaribu kulifungua kwenye simu nyingine ambayo haina akaunti yako. Likifunguka, nakala ni yako mkononi, na hakuna kampuni inayoweza kuifunga. Likidai uingie kwenye akaunti, au likiwa hata halionekani kwenye mafaili yako, basi ulichonacho ni ruhusa. Kwa kipimo hiki, katika mizigo yote ya muongozaji wetu, kinachofaulu ni zile riwaya tano za PDF. Ndizo zilizokuwa rahisi kuliko vyote.

Biashara hii ya riwaya za PDF tunaijua vizuri: unaona tangazo la mtunzi, unatuma pesa kwa M-Pesa au Mixx by Yas, unampigia picha ujumbe wa muamala, naye anakutumia faili kwa WhatsApp. Kwa upande wa umiliki wa nakala, hakuna mpango bora kuliko huo. Ubaya wake uko kwingine: hakuna akaunti inayokukumbuka. Simu ikiibiwa pale stendi, au ikajaa ukafuta "vitu vya WhatsApp" ili upate nafasi, riwaya zimekwenda, na mtunzi hana wajibu wa kukutumia tena. Kwenye simu za Android mafaili hayo hukaa hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Yatoe humo siku ileile unayoyapokea. Fungua kwanza kila faili na ulisogeze mpaka ukurasa wa mwisho, maana faili lililokatika njiani hutaligundua mpaka siku unapolihitaji. Usiliache bila kuligusa ukisema utalipakua baadaye: WhatsApp hailiweki faili ambalo halijapakuliwa milele, na ukichelewa wiki nyingi utaambiwa umwombe aliyetuma alitume upya. Kisha nakili sehemu mbili, moja iwe nje ya simu. Riwaya ya PDF mara nyingi ni megabaiti chache tu, kwa hiyo mia moja zinaenea kwenye flash ndogo kuliko zote zinazouzwa mjini. Kitabu cha sauti kisicho na kufuli ni kikubwa zaidi. Chenye saa kumi kwa ubora wa kawaida wa sauti ya kusoma kinafika megabaiti 300 hivi, na flash ya gigabaiti 32 itabeba karibu mia moja.

Hadithi ya mfululizo ina jambo lake ambalo wasomaji wengi hawalijui. Watunzi wengine huiuza kwenye kundi la WhatsApp, wengine kwenye chaneli ya Telegram, na msomaji huona ni mamoja. Si mamoja. Ujumbe wa WhatsApp unakaa kwenye simu yako. Usipolipa mwezi ujao ukaondolewa kwenye kundi, sehemu ulizokwisha kupokea unabaki nazo mpaka uzifute mwenyewe. Telegram inaweka ujumbe kwenye mitambo yake. Ukitolewa kwenye chaneli ya faragha, huwezi tena kurudi kusoma, hata sehemu ya 1 uliyoilipia miezi minane iliyopita. Faili ulilolipakua na kulihifadhi kwenye simu ndilo litakalobaki. Maandishi yaliyobandikwa kwenye chaneli yanakwenda na chaneli. Kwa hiyo muongozaji wetu, kabla hajaacha kulipa, amuulize mtunzi: je, sehemu nilizolipia utanipa kwenye faili moja? Nina imani wengi watakubali, kwa sababu msomaji anayeondoka kwa amani hurudi Julai wageni wakifika. Na kabla ya kutuma pesa kwa mtunzi mpya, swali hilohilo ndilo la kwanza: nikiacha kulipa, nabaki na nini?

Kuwa na PDF ni kumiliki nakala, si kumiliki riwaya. Haki ya kuisambaza ni ya mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Ukiirusha kwenye kundi la watu mia mbili, unamnyima mtu wa Mbeya au Tanga aliyeandika usiku kucha pesa ambayo angeipata kwa watu wale mia mbili. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watunzi wetu wanaacha kuuza PDF kwa ajili ya tabia hii, na wakihamia kwenye programu zenye kufuli sisi wasomaji ndio tutakaopoteza ile nakala isiyofungwa.

Vivyo hivyo kuhusu kuvunja kufuli za vitabu vya maduka makubwa. Zipo programu za kufanya hivyo, na zipo sababu ambazo mtu mwaminifu anaweza kuzitoa. Lakini kwa kufanya hivyo unavunja masharti ya akaunti, na akaunti ikifungwa umepoteza vyote kwa ajili ya kimoja. Sheria yetu pia inazuia vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kukwepa kufuli za namna hiyo. Kama unataka faili lisilo na kufuli, litafute hivyo tangu mwanzo. Baadhi ya wachapishaji huuza vitabu bila kufuli. Tor, wachapishaji wa riwaya za kubuni za kisayansi, wanafanya hivyo tangu 2012. LibriVox ina vitabu vya sauti vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, bure, katika mafaili ya kawaida ya MP3. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili ambazo leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa na kugawa.

Kuna kipimo cha pili, na hiki ni kwa watu wanaokwenda kusikokuwa na mtandao. Kupanda Mlima Meru ni safari ya siku tatu au nne kutoka geti la Momella, kulala Miriakamba, kisha Saddle Hut kwenye mita 3,570, na huko mtandao si wa kutegemea. Vitabu na muziki vilivyopakuliwa vina saa inayohesabu ndani. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua hazipigi. Programu nyingine zina muda mfupi zaidi. Usiku wa kuamkia safari weka simu kwenye Airplane mode, izime na kuiwasha, kisha fungua kila kitu unachopanga kutumia na ukiache kicheze dakika moja. Kinachogoma mezani kwako Moshono kitagoma Miriakamba pia, ila nyumbani bado unayo nafasi ya kukirekebisha. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki kinakuonyesha kama ruhusa yako bado haijaisha, hakionyeshi umiliki. Kitabu cha kukodi kitafaulu Airplane mode leo na kushindwa mwezi ujao.

Na si mlimani tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye faili lake alisoma. Mwenye programu inayohitaji kuuliza makao makuu kama bado analipa alikuwa na bahati tu, kutegemea ni lini iliuliza mara ya mwisho.

Arusha ina kundi jingine ambalo nataka kulisemesha kando: watu waliohamia kikazi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, na watumishi wake wanatoka Nairobi, Kigali, Kampala, Bujumbura, na mbali zaidi. Wanakuja na akaunti zilizofunguliwa kwa nchi nyingine. Ukitaka kubadilisha nchi kwenye akaunti ya Apple utatakiwa kwanza umalize salio na ukatishe malipo yote ya mwezi, na filamu au kitabu ulichonunua kwenye duka la nchi ya zamani kinaweza kisipatikane tena kupakuliwa kwenye duka la nchi mpya. Apple wenyewe hushauri upakue kila ulichonunua kabla ya kubadilisha. Ushauri wangu ni mkali kidogo: kama maktaba yako ni kubwa, usibadilishe nchi kwa haraka kwa sababu tu programu moja ya hapa haionekani kwenye duka lako. Pakua kwanza kwenye kompyuta au tableti utakayoendelea kuwa nayo, hakikisha vinafunguka, andika orodha, ndipo uamue. Wanaorudi kutoka masomoni Ulaya na Marekani wako kwenye hali ileile, na wao huongeza tatizo la namba ya simu ya kule. Akaunti inayotuma msimbo wa kuingia kwenye laini uliyoiacha Ujerumani haitakufungulia Usa River. Badilisha namba kabla laini haijafa, kwa sababu laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine.

Nikirudi kwa muongozaji wetu, mpangilio ninaompa ni huu. Wiki moja kabla ya kukata, akae na daftari apitie programu moja moja. Audible: atumie krediti mbili, na kwa vile vinne vya orodha ya wanachama ajiulize kipi hawezi kukaa bila kuwa nacho; hicho akichukue kwa krediti, badala ya kutafuta kipya. Everand: aandike majina ya vitabu kumi na alikofikia, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayomsaidia kuvitafuta kwingine. Kindle: kama huwa anaazima vitabu pia, aangalie ukurasa wa Content & Devices kwenye akaunti, na kitabu chenye maneno Return this book si chake. Netflix: atazame anachotaka kutazama na kuacha. PDF: nakala mbili, kama tulivyosema. Telegram: azungumze na mtunzi. Akimaliza ndipo akatishe, kila moja mahali alipojiungia, na atunze barua pepe ya kuthibitisha kwamba amekatisha.

Kuhusu kile kitabu cha ndege, ningemwambia anunue cha karatasi vilevile. Najua ni ghali, na anaweza kusubiri msimu wa Julai. Lakini ni chombo cha kazi atakachokitumia miaka kumi na tano, kikichanika mgongo kinafungwa kwa gundi, mgeni anaweza kukishika garini huku yeye akiendesha, na siku akiacha kazi anaweza kumuuzia kijana anayeanza. Cha Kindle hawezi kukiuza wala kukirithisha. Apple, kwa mfano, inakuruhusu kumteua ndugu atakayefungua akaunti yako ukifariki, lakini filamu na vitabu ulivyonunua havimo katika vile atakavyovipata. Kwa hiyo mimi hugawa hivi: kitabu cha kusoma mara moja, kodi, au kakiazime maktaba ya mkoa kama kipo; kitabu cha kazi, cha dini, cha lugha, na kile unachotaka mwanao akikute, tafuta karatasi au faili lisilo na kufuli.

Ikitokea muuzaji amekuahidi kwa maandishi kwamba kitu ni chako moja kwa moja, kisha akakifunga, usiishie kulalamika kwenye kundi. Tunza ujumbe wa muamala, maana una tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu, na upige picha tangazo lenye ahadi kabla halijafutwa. Muandikie kwanza muuzaji ukidai faili au pesa, kwa maandishi, na umpe tarehe ya kujibu. Kama ni biashara inayoendeshwa Tanzania na hajibu, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya wateja waliopotoshwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kama ni kampuni ya nje, njia ya karibu zaidi ni kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni yenyewe. Wape namba ya oda iliyo kwenye barua pepe ya manunuzi, si jina la kitabu peke yake, na uombe kurejeshewa pesa mapema iwezekanavyo, kwa sababu ombi la wiki ya kwanza lina nafasi kubwa kuliko la mwezi wa tatu.